Kabla fundi hajachimba kuta za jikoni

Juzi dada mmoja kaniandikia: fundi umeme anaanza kuchimba kuta keshokutwa, soketi za jikoni na sebuleni zikae wapi? Nimemjibu usiku uleule, maana jambo hili bado linaniuma.

Nyumba yangu ya kwanza nilimwambia fundi soketi za kaunta ziwe mita moja kutoka chini. Akapima sawasawa mpaka katikati ya soketi, ila kutoka kwenye zege tupu. Baadaye sakafu ikasawazishwa na vigae vikawekwa, ikapanda sentimita 7. Kaunta ikakaa sentimita 90 juu ya vigae, yaani 97 kutoka pale alipopimia. Soketi yenyewe ina kimo cha karibu sentimita 9, hivyo ukingo wa chini ukaishia nyuma ya granaiti. Tulichimba upya soketi 4 kwenye ukuta uliokwisha kupigwa lipu na rangi.

Nyumba ya pili sikukubali. Kabla ya kuchimba chochote nilimwambia fundi apige mstari wa levo kuzunguka kuta zote, mita moja juu ya mahali vigae vitakapofika. Vipimo vyote vilitoka kwenye mstari huo. Katikati ya soketi ikawa sentimita 20 juu ya kaunta. Mbona juu hivyo? Waya wa plagi zetu za miguu mitatu hutokea upande wa chini, unahitaji nafasi ya kujikunja. Ziwe pia angalau sentimita 30 pembeni mwa sinki, na isiwepo yoyote juu ya jiko.

Idadi, dada yangu, usiikisie. Hesabu vitu vinavyowaka kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa na ekstensheni moja: birika la wati 2,200 na rais kuka ya wati 1,000. Gawanya 3,200 kwa volti 230, unapata karibu ampea 14, wakati plagi ni ya ampea 13. Plagi ilipata moto mpaka plastiki ikageuka kahawia. Sasa nina soketi pacha 3 juu ya kaunta, na friji ina yake peke yake.

Sebuleni nimeweka sentimita 45 kutoka kwenye vigae. Ukuta wa TV una pacha moja nyuma ya TV yenyewe na mbili chini, za king'amuzi, ruta na redio.

Soketi zenye USB nimeweka 2 tu, kila moja pembeni mwa kochi, mahali watu wanapokaa na simu. Jikoni sikuweka, simu ikae mbali na maji. Ujue kwamba matundu yake hugawana umeme, ukichomeka simu mbili zote huchaji polepole. Tena mgongo wake ni mnene: kisanduku cha kina cha milimita 25 mara nyingi hakiumezi, mwambie fundi anunue cha 35 au 47 kabla hajapiga lipu.