Zawadi kwa kijana asiyependa vitu: kabati au safari?

*Anti, salaam. Mtoto wa kaka yangu anatimiza miaka 25 mwezi wa saba. Amepanga chumba kimoja Sinza. Ana godoro, begi la nguo, jiko la gesi na laptop, basi. Mwaka jana nilimpelekea seti ya vyombo, nilipoenda kumsalimia nikaikuta kwa jirani yake. Kaka anasema nimnunulie kabati. Mimi nina laki moja na nusu na nawaza nimlipie matembezi, maana anapenda kutembea kwa miguu, ila naogopa kuonekana nimekwenda mikono mitupu. Nifanyeje?*

Dada yangu, kabati achana nalo. Mpangaji wa chumba kimoja huhama, na siku ya kuhama kabati ndilo linalomfanya akodi kirikuu, wakati begi na godoro vingeingia kwenye bajaji. Kijana huyo hana vitu vichache kwa kukosa hela ya kununua. Vyombo vyako alikuwa navyo bure na bado akavitoa.

Mlipie safari, lakini ujue matembezi ya zawadi huharibika wapi. Kwanza ni gharama zinazobaki. Ukimlipia nauli peke yake, chakula, bajaji na kiongozi wa njia vinamwangukia yeye, na umempa deni. Pili ni ahadi isiyo na tarehe. "Siku moja nitakupeleka" haifiki, kwa sababu kila wikendi kuna msiba, harusi au zamu ya kazini.

Kwa hela yako, Morogoro inatosha. Treni ya SGR ilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Kwa hesabu hiyo, watu wawili kwenda na kurudi ni 52,000. Hakikisha bei ya sasa kabla ya kupanga. Tenga 40,000 ya kiongozi, 20,000 ya bajaji, kwani stesheni ya SGR haiko katikati ya mji, na 25,000 ya chakula na maji. Zinabaki 13,000 za dharura. Mkienda asubuhi na kurudi jioni, hamlipi gesti.

Kule apande milima ya Uluguru hadi Morningside, kwenye jengo la zamani la enzi za Wajerumani. Kutoka mjini ni kama masaa mawili ya kupanda kwa mwendo wa wastani, na njiani anapita kwenye mashamba ya mboga na vijito. Julai ni kiangazi, njia imekauka. Wakati wa masika udongo ule huteleza vibaya. Hata hivyo avae viatu vyenye soli ya kung'ata na abebe maji lita moja na nusu. Kiongozi mpatane kabla hamjaanza kupanda, na muulize waziwazi kama bei yake ni ya kila mtu au ya kundi zima. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia wakati wa kulipana.

Usijaribu kumfanyia sapraizi ya tarehe. Tiketi hukatwa kwa jina na namba ya kitambulisho cha msafiri, kwa hiyo namba yake ya NIDA utaihitaji tu. Mpigie sasa, muulize zamu zake, kisha muulize angependa kwenda na nani. Akimtaja rafiki yake badala yako, pokea kwa moyo mweupe. Siku ni yake. Epuka Sabasaba na wikendi inayoigusa, maana treni hujaa. Msipoenda Julai, jihadhari na siku za Nanenane, kwa kuwa Morogoro huwa na maonyesho na mji hufurika.

Hilo la mikono mitupu lina dawa. Siku ya kuzaliwa kwake mkabidhi bahasha yenye tiketi zilizochapwa, na fedha za matumizi taslimu zikiwa humo humo. Ongeza kitu kinachoisha: nusu kilo ya kahawa ya kusaga, chupa ya asali, au mjazie mtungi wake wa gesi. Vitu hivyo havidai nafasi chumbani.

Kitu cha kudumu kina mlango mmoja tu kwa mtu wa namna hii: kuchukua nafasi ya kile anachokitumia kila siku na kimechoka. Mwenye vichache huvitumia sana, kwa hiyo huchakaa haraka. Ukienda kwake tazama zipu ya begi, soli za viatu, waya wa chaja ya laptop. Ukiona kimoja kimekufa, muulize saizi na aina anayotaka, nunua kimoja tu, na safari isogee hadi mwakani. Kile cha zamani akitoe siku hiyo hiyo.

Kaka yako mwambie mapema ulichoamua, asije akafika Sinza na kabati lake mwenyewe.