Maswali na Majibu: Barua ya Baada ya Maonyesho na Oda Ndogo ya Majaribio

Nimerudi na kadi zaidi ya mia. Naweza kuandika barua moja nikawatumia wote kwa mpigo?

Hapana. Ukiweka anwani zote kwenye mstari wa nakala, kila mmoja atakuwa amepata orodha ya wateja wako wengine. Chagua wale mliozungumza jambo mahususi, uwaandikie mmoja mmoja.

Maonyesho yaliisha siku kumi zilizopita. Nimeshachelewa?

Andika leo, na usipoteze aya nzima kuomba radhi. Mkumbushe alichoshika mkononi na alichokilalamikia.

Nilimwandikia mtu aliyefika bandani kwetu, nikaambatisha katalogi yote na historia ya kampuni. Hajajibu. Hana nia?

Swali hili hunifikia kila msimu wa maonyesho, na karibu kila mara kasoro iko kwenye barua. Mtu amepita kwenye mabanda mengi, amechoka, nawe unamrudishia kazi ya kuchagua bidhaa upya. Tena faili kubwa huenda lilizuiwa kabla hajaliona. Mbaya zaidi, barua yako haikumwuliza kitu. "Tunatarajia kushirikiana nanyi" ni sentensi isiyoweza kujibiwa. Andika upya: bidhaa moja, kiasi kimoja, tarehe moja, na swali moja ambalo anaweza kulijibu akiwa amesimama.

Tunatengeneza vikombe vya kauri. Mwenye maduka fulani alivipenda, ila akasema kiwango chetu cha chini, katoni 40, ni kikubwa mno kwa mara ya kwanza. Nipendekeze kiasi gani, na niandikeje?

Kabla ya kutaja kiasi, jiulize mnunuzi huyu anaogopa nini. Kwa vikombe, hofu ni mbili: havitanunulika, au vitafika vimevunjika. Oda ya majaribio inapaswa kuzijibu zote mbili. Ikishindwa, itakuwa mauzo madogo tu yasiyozaa oda ya pili.

Tuseme katoni yako hubeba vikombe 24. Katoni moja haitoshi: vikombe vitapotea kwenye rafu, na hakuna atakayejua kama havikuuzika au havikuonekana. Ningependekeza katoni tano, yaani vikombe 120, umbo moja na rangi mbili, katoni tatu kwa mbili. Usimchanganyie maumbo matano ili "aonje kila kitu". Mawili yakitoka na matatu yakibaki, atakachokumbuka ni yale yaliyobaki. Na peleka katoni nzima zilizofungwa kiwandani, kwa sababu ufungaji huohuo ndio utakaosafirisha katoni 40. Ukivifunga vikombe vya majaribio kwa uangalifu wa pekee, utakuwa umejaribu kitu ambacho hutakirudia.

Sasa usafiri, mahali ambapo oda ndogo nyingi hufia. Kampuni za kurieri hutoza uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Hesabu inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5000. Katoni ya 50 kwa 40 kwa 30 inatoa kilo 12, hata kama mizani inasoma 9.4. Kwa katoni tano utalipia kilo 60, si 47. Ulizia bei hiyo kabla hujaandika, maana mnunuzi akiigundua mwenyewe baadaye, atahisi umemficha.

Barua yenyewe iwe namna hii:

> Mada: Vikombe vya bluu ulivyoviona bandani: oda ya majaribio ya katoni 5
>
> Habari za kazi, Ndugu …
>
> Tulizungumza Alhamisi kuhusu kikombe chenye mshikio mpana. Ulisema kinawafaa wateja wako, lakini katoni 40 ni nyingi kabla ya kuona kinavyouzika na kinavyosafiri.
>
> Napendekeza uanze na katoni 5 (vikombe 120): 3 za bluu, 2 za nyeupe, katika ufungaji wetu wa kawaida. Bei kwa kikombe ni …, na usafiri hadi ghalani kwako ni …, umeonyeshwa kando. Ushuru wa forodha na kodi za huko utalipa wewe. Kikombe kitakachofika kimevunjika tutakirudishia fedha, ukitutumia picha ndani ya siku 7 baada ya kupokea.
>
> Tunachoma kundi lijalo tarehe …. Ukithibitisha kabla ya hapo, mzigo utaondoka wiki mbili baadaye.
>
> Nikuandalie proforma ya katoni hizi 5?

Hakuna kiambatisho zaidi ya picha moja ya kikombe hicho. Tarehe ya mwisho ina sababu ya kweli, yaani tanuri. Kama huna sababu, usibuni, kwa kuwa mnunuzi mzoefu anazijua tarehe za uongo. Na kwa oda ya kwanza usimpe bei ya EXW, ambayo inamwachia kuutoa mzigo kiwandani kwako na taratibu za kuuza nje. Hatahangaika hivyo kwa katoni tano. Masharti yaliyo katika barua hii ni ya DAP: unafikisha, yeye anashughulikia forodha ya kwao. Yaandike hivyo kwenye proforma, ile ankara ya awali, pamoja na anwani kamili ya ghala.

Bei ya majaribio iwe sawa na ya katoni 40?

Isiwe. Ukiishusha sasa, hiyo ndiyo bei atakayoishika siku zote. Taja bei zote mbili katika barua, kisha mwahidi kwamba tofauti ya katoni tano itakatwa kwenye oda yake ya kwanza kamili, akiiweka ndani ya siku 90. Hapo majaribio hayamgharimu zaidi, nawe hujaharibu bei yako.

Si rahisi zaidi nimpe hizo katoni bure?

Kikombe kimoja au viwili ni sampuli, toa. Vikombe 120 vya bure vitakaa stoo, kwa sababu hakuna aliyetoa pesa na hakuna anayefuatilia. Na msidanganyane kwamba mzigo wa bure unaandikwa thamani sifuri: forodha hutaka thamani halisi hata kwa kitu kisicholipiwa.

Alisema "nitumie proforma". Nimeituma, sasa kimya. Nimkumbushe mara ngapi?

Mara mbili. Ya kwanza baada ya wiki moja, ikiwa na jambo jipya, kwa mfano bei ya usafiri iliyothibitishwa. Ya pili siku chache kabla proforma haijaisha muda. Baada ya hapo mwache hadi utakapokuwa na habari ya kweli ya kumpa. "Nakumbushia tu" usiiandike kabisa.

Lakini kwanza linganisha proforma na barua yako. Mara nyingi nikiletewa kisa cha namna hii nakuta barua inasema mzigo utafikishwa ghalani, proforma iliyotolewa na mhasibu kwa mazoea inasema EXW, na kiwango cha chini cha katoni 40 kimebaki chini ya ukurasa. Mnunuzi ameona karatasi mbili zinazopingana, akanyamaza.

Ongeza pia mstari mmoja: kwamba namba ya akaunti ya benki haitabadilishwa kwa baruapepe, na akipokea ujumbe wa kuibadilisha apige simu kwa namba iliyo kwenye kadi mliyopeana bandani. Wezi huingia kwenye mawasiliano ya aina hii pale tu proforma inapotumwa, na oda ya kwanza ndiyo rahisi kuibwa, kwa kuwa mnunuzi bado hajui akaunti yako halisi ni ipi.