Maswali na Majibu: Azimio la Bodi la Kukopa na Kuweka Jengo la Kampuni Rehani

*Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wa Tanzania, na majibu yanafuata Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, Sura ya 212, pamoja na sheria za ardhi za Tanzania Bara.*

Benki imeturudishia azimio letu ikisema halitoshi. Tuliandika kwamba bodi imekubali kampuni ikope na jengo letu liwe dhamana. Ni nini kimekosekana?

Azimio hilo linaonyesha nia ya bodi, ila halimpi mtu yeyote mamlaka ya kufanya jambo lolote mahususi. Mwanasheria wa benki akilipokea huliweka kando ya barua ya masharti ya mkopo na nakala ya hati ya kumiliki ardhi, kisha hulinganisha jina kwa jina na namba kwa namba. Anataka kujua nani anakopa, kiasi gani na kutoka kwa nani; ni mali ipi hasa inayowekwa rehani; na ni nani aliyeruhusiwa kutia saini. Maneno ya namna hii yangemtosheleza:

"Imeazimiwa kwamba kampuni ikope kutoka benki iliyotajwa hapo juu shilingi 300,000,000 kwa masharti yaliyomo katika barua ya benki iliyowekwa mbele ya kikao hiki na kusomwa, kwamba, ili kulinda mkopo huo pamoja na riba na gharama zake, kampuni iipe benki rehani ya kwanza juu ya kiwanja na jengo vilivyoelezwa katika hati ya kumiliki ardhi yenye namba iliyotajwa, na kwamba wakurugenzi wawili waliotajwa watie saini hati ya rehani na kugonga lakiri ya kampuni, na katibu ahakikishe rehani inasajiliwa ndani ya muda wa kisheria."

Tarehe ya barua ya benki, namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, na majina kamili ya watakaosaini vyote viandikwe bila kufupishwa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni namba ya kiwanja iliyonakiliwa kutoka kwenye mkataba wa zamani wa mauzo, wakati hati yenyewe inasema kingine. Angalieni pia kiwango cha fedha: benki ikikubali baadaye kuongeza mkopo hadi shilingi 380,000,000, azimio la milioni 300 haliwezi kubeba nyongeza hiyo, kwa hiyo bodi italazimika kukaa tena.

Katiba yetu ni ya zamani. Wakili ametuambia wakurugenzi hawawezi kupitisha mkopo huu peke yao. Je, kazi ya bodi si kuendesha kampuni?

Ni kazi yake, lakini ndani ya mipaka ambayo wanahisa wameiweka. Katiba nyingi za kampuni zilizoandikwa kwa kufuata vielelezo vya zamani zina kifungu kinachosema kwamba deni lote ambalo wakurugenzi wamelikopa na halijalipwa lisizidi thamani ya mtaji wa hisa, isipokuwa mkutano mkuu uwe umeridhia kwanza. Chukulia kampuni yenye mtaji wa hisa wa shilingi 100,000,000 ambayo bado inadaiwa milioni 60 za mkopo wa kwanza. Bodi imebakiwa na nafasi ya milioni 40 tu, na mkopo mpya wa milioni 300 unavuka mpaka huo kwa mbali.

Dawa yake ni azimio la wanahisa lililopitishwa kabla ya lile la bodi, na azimio la bodi lenyewe lilitaje. Tarehe zina uzito hapa: azimio la wanahisa lililopitishwa wiki moja baada ya rehani kusainiwa humfanya mwanasheria wa benki kuuliza maswali ambayo yangeepukika. Ni kweli kwamba mkopeshaji aliyetenda kwa nia njema hulindwa dhidi ya kasoro za ndani ya kampuni asizozijua, lakini benki iliyokwisha kupewa nakala ya katiba yenu haitapenda kutegemea kinga hiyo.

Tuko wakurugenzi watatu na akidi yetu ni wawili. Mkopo ni wa kununua mashine kutoka kampuni nyingine inayomilikiwa na wawili kati yetu, ambao ni ndugu. Kuna tatizo?

Lipo, na huonekana hata kabla ya kura kupigwa. Sheria inamtaka mkurugenzi mwenye maslahi katika mkataba wa kampuni ayatangaze mbele ya bodi, na tangazo hilo liingizwe katika muhtasari wa kikao. Baada ya hapo someni katiba. Katiba nyingi humzuia mwenye maslahi kupiga kura juu ya jambo hilo na hata kuhesabiwa katika akidi. Ikiwa yenu ni ya namna hiyo, kati ya watatu anabaki mmoja, na mmoja si akidi.

Wengine hujaribu kuukwepa ugumu huu kwa kutenganisha mambo: mkopo unapitishwa asubuhi kana kwamba hauna uhusiano na mashine, na ununuzi unapitishwa jioni. Nisingewashauri hivyo, kwa kuwa barua ya benki yenyewe itakuwa imetaja matumizi ya fedha. Lipelekeni jambo kwenye mkutano mkuu, maslahi yatangazwe kwa uwazi, na wanahisa walegeze kizuizi hicho kwa mkopo huu mmoja kwa kadiri katiba inavyoruhusu, au waridhie mpango wote wenyewe.

Rehani ilisainiwa tarehe 3 Machi, na Msajili wa Hati ameshaisajili. Sasa ni Mei, na benki inadai cheti cha BRELA. Usajili wa ardhi hautoshi?

Hautoshi, kwa sababu ni madaftari mawili yenye kazi tofauti. Usajili kwa Msajili wa Hati unahusu ardhi, na usajili wa BRELA unahusu kampuni kama mdaiwa. Rehani iliyowekwa na kampuni hupelekwa kwa Msajili wa Makampuni ndani ya siku 42 tangu ilipowekwa, si tangu azimio lilipopitishwa wala tangu fedha zilipoingia. Kwa hesabu hiyo muda wenu uliisha tarehe 14 Aprili.

Rehani isiyosajiliwa kwa wakati haina nguvu dhidi ya mfilisi wala wadai wengine wa kampuni, na deni lililokuwa limelindwa nayo linaweza kudaiwa lote mara moja. Ndiyo maana benki ina haraka. Wakili aanze sasa kuomba kuongezewa muda, akieleza sababu ya kuchelewa na kuonyesha kwamba kampuni haijaingia katika ufilisi.

Tunaweza kuzungusha karatasi ya azimio isainiwe bila kukutana?

Kwa kawaida ndiyo, katiba ikiruhusu na wakurugenzi wote wakisaini. Wengi kati yao hawatoshi. Msiandike muhtasari wa kikao ambacho hakikukaa.

Jengo ni la kampuni lakini hati ina jina la mkurugenzi mwenyewe. Azimio la bodi linatosha?

Kampuni haiwezi kuweka rehani ardhi ambayo kwenye daftari ni ya mtu mwingine, hata kama ndiyo inayolipa kodi ya ardhi na ndiyo iliyojenga. Njia ya kwanza ni kuhamisha umiliki kwenda kwa kampuni kabla ya rehani. Njia ya pili ni mkurugenzi mwenyewe kuiwekea benki rehani kwa ajili ya deni la kampuni, ambapo azimio la bodi litahusu mkopo, naye atasaini rehani kwa jina lake. Kama katika jengo hilo ndipo familia inapoishi, benki itadai pia ridhaa ya mwenzi wake.