Kapsuli ya mafuta na chai ya rangi

"Nimeandikiwa kapsuli za vitamini D, nimeze baada ya kula. Asubuhi nakunywa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, namezea hapo hapo. Nipo sawa?" (Msomaji, Mwandiga)

Kula umekula, kaka, ila mlo wenyewe hauna mafuta, na hapa mafuta ndiyo yanayotakiwa. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, na utumbo umejaa majimaji. Mwili unalimaliza tatizo hilo kwa nyongo. Mafuta ya chakula yakishafika kwenye utumbo mwembamba, kifuko cha nyongo hujikamua, nyongo huyavunja mafuta kuwa chembe ndogo mno, na vitamini hubebwa ndani ya chembe hizo mpaka kwenye ukuta wa utumbo, ikafyonzwa. Mihogo mitupu haiiti nyongo ya kutosha, na mafuta yaliyomo ndani ya kapsuli ni tone tu. Sehemu ya dawa uliyoilipia inaishia chooni.

Hamishia mchana, kwenye ugali na sombe iliyoungwa kwa mawese, au mgebuka wa kukaanga. Sahani haihitaji kuogelea mafuta. Kiasi cha kijiko cha chai kimoja au viwili kwenye sehemu yako kinafanya kazi. Meza katikati ya mlo au mara tu ukimaliza, usingoje saa mbili zipite. Kama umeandikiwa mara moja kwa wiki, ibaki hivyo hivyo, badili saa tu.

Lakini ukiona macho yamekuwa ya manjano na choo kimepauka, mafuta ya mboga hayatakusaidia. Hiyo ni dalili kwamba nyongo haishuki, na ni ya kupelekwa kwa daktari mapema.

"Mawese nayachoma kwanza mpaka yapoteze wekundu, ndipo naunga sombe. Kuna ubaya?" (Mama lishe, Ujiji)

Upo, mama. Wekundu ule ndio karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ukiyachoma mpaka yapauke umebakiwa na mafuta ya kupikia tu. Pasha moto wa kiasi, tia kitunguu, endelea.

Sombe yenyewe usiipunguzie muda jikoni kwa kuogopa vitamini. Majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sianidi, lazima yatwangwe na kuchemshwa vizuri, sufuria ikiwa wazi. Karotini ya majani huvumilia moto huo. Vitamini C, inayoyeyuka kwenye maji, ndiyo inayoondoka, na hiyo utaipata kwenye embe au chungwa la baada ya mlo.

"Tangu nianze B kompleksi mkojo umekuwa wa njano kali. Ina maana natupa hela?" (Msomaji, Kasulu)

Rangi hiyo ni ya vitamini B2 iliyozidi, haina madhara. Vitamini za kundi B na C huyeyuka kwenye maji, hivyo huingia kwenye damu bila kusubiri mafuta, na figo huzitoa zinazozidi. Ndiyo maana zinaweza kumezwa kwa maji matupu. Ukisikia kichefuchefu, meza na chakula: hapo unalituliza tumbo tu. B12 ni tofauti na wenzake, kwa kuwa ini huihifadhi kwa miaka.

Hela zinazotupwa kweli nimeziona kwenye vitamini C ya miligramu 1000 kwa mkupuo. Dozi ikifika hapo, utumbo hufyonza kama nusu yake tu, na inayobaki inaweza kukuharishia.

"Mwanangu wa miaka miwili alipewa matone ya vitamini A kwenye kampeni akiwa hajala. Nimnunulie mengine?" (Mama, Kibondo)

Hapana, mama, usinunue. Kwa umri wake hupewa kapsuli nyekundu ya yuniti 200,000, iliyokatwa ncha na kukamuliwa mdomoni; wa miezi 6 hadi 11 hupewa ya bluu, yuniti 100,000. Dozi ni kubwa makusudi, imekwisha kuyeyushwa kwenye mafuta, na ini huiweka akiba ya miezi. Hata kama alikuwa hajala, inatosha.

Kosa lingekuwa kuongeza. Vitamini A ikizidi haitoki kwa mkojo kama ile B ya msomaji wa Kasulu. Hulundikana kwenye ini. Mtoto hutapika, huumwa kichwa, na kwa mtoto mchanga utosi unaweza kuvimba. Mjamzito naye asijinunulie kapsuli za vitamini A za dozi kubwa, kwani zinaweza kumharibu mtoto tumboni. Mawese hayamo kwenye katazo hilo, maana mwili hugeuza karotini kwa kiasi unachohitaji.

"Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, na chai?" (Msomaji, Kigoma mjini)

Chai hapana. Foliki iliyomo huyeyuka kwenye maji na haina shida; tatizo ni madini chuma, ambayo chai na kahawa huyazuia yasifyonzwe. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, na chai uiache kwa saa moja au mbili. Kama tumbo linakataa, meza usiku baada ya chakula.