Erfoni zinazovujisha sauti

"Wakuu, rumeti wangu hosteli analalamika anasikia miziki yangu usiku wakati nimevaa erfoni, ninunue zipi?"

Mkuu, nahisi zako ni zile za plastiki tupu zisizo na mpira, zile zinakaa tu mlangoni mwa sikio hazizibi, so sauti inatoka pembeni, na kwenye daladala ndo balaa maana injini inakufunika unaongeza voliumu mpaka jirani anaimba na wewe. Chukua za kuingia ndani zenye mipira ya silikoni, zikiziba vizuri kelele za nje zinapungua na wewe unasikia kwa sauti ndogo, hapo ndo uvujaji unaisha kwa kiasi kikubwa. Ila saizi ya mpira ndo kila kitu, kwenye boksi huwa kuna mdogo, wa kati na mkubwa, watu wengi hawabadilishi kabisa. Vaa, weka wimbo wenye besi, sukuma erfoni ndani kidogo kwa kidole, besi ikiongezeka ghafla ujue mpira hauzibi vizuri, mara nyingi ni mdogo, jaribu kupanda saizi. Masikio yanaweza kutofautiana, mi kushoto navaa mkubwa. Ukitaka hedifoni kubwa kwepa zenye wavu wazi mgongoni, hizo zinavujisha makusudi. Kisha mwambie rumeti akae kitandani kwake asikilize, taa zimezimwa, feni pia.