Baridi ya usiku usio na mawingu

"Mbona hapa Lubumbashi, mwezi wa 7, usiku usio na mawingu tunatetemeka? Jirani anasema mawingu huzuia baridi isishuke."

Jirani ameona vizuri, ila hakuna baridi inayoshuka: ni joto la ardhi linalopanda usiku kucha kama mionzi isiyoonekana, na hewa kavu ya kiangazi huiachia sehemu kubwa ipite hadi nje ya dunia, ilhali wingu huinyonya na kurudisha sehemu yake chini. Tazama magari alfajiri: mara nyingi paa la gari lililolala uwanjani limelowa umande, na la chini ya mwembe ni kavu, kwa kuwa majani nayo hurudisha joto. Upepo ukivuma, tofauti hiyo hupungua, maana hewa ya juu, yenye joto zaidi, huchanganyika na ya chini.