Mchicha Ukinywea Sufuriani, Protini ya Kijiko Kimoja Huwa Kiasi Gani?

Hapa Malindi, mtu anayenunua mafungu makubwa ya mchicha kutoka mashamba ya kando ya Mto Sabaki hurudi nyumbani na kikapu kilichojaa, akayachambua na kuyaosha, kisha akayaweka kwenye sufuria ambayo mwanzoni haitoshi, na baada ya dakika chache akakuta chakula chenyewe kimelala chini kabisa. Wengi tumelizoea jambo hili hata hatuliulizi. Hata hivyo, kwa mtu anayejaribu kujua watoto wake wanapata protini kiasi gani, kunywea huko ndiko kunakoharibu hesabu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kijiko kimoja cha majani mabichi na kijiko hicho hicho cha majani yaliyopikwa ni vyakula viwili tofauti kwa uzito, ingawa vimetoka katika fungu moja.

Jani bichi la mchicha lina maji karibu asilimia 90. Maji hayo yamefungiwa ndani ya seli na kuzisukuma kutoka ndani, na msukumo huo ndio unaolifanya jani lisimame wima na kubaki gumu kidogo mkononi. Katikati ya seli mna nafasi za hewa, na kati ya jani na jani katika sufuria mna hewa nyingi zaidi. Moto unapoingia, utando unaozizunguka seli huharibika kabla hata maji hayajaanza kuchemka, maji huvuja nje, hewa hutoka, na jani ambalo halina tena kitu cha kulishikilia hulala juu ya mwenzake. Kwa hiyo kinachopungua katika zile dakika za mwanzo ni nafasi tu, yaani hewa na umbo, wala si chakula. Uzito huanza kupungua baadaye, pale maji yaliyovuja yanapopanda kuwa mvuke, na uzito huo unapungua kwa kadiri mpishi atakavyoamua kukausha.

Protini yenyewe haiendi popote. Joto huigandisha ndani ya jani, kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni, na protini iliyoganda haiyeyuki kwa urahisi ndani ya maji ya sufuria. Ndiyo sababu mtu akichemsha mchicha na kumwaga maji, anachopoteza zaidi ni vitamini C, foleti na potasiamu, na ni sehemu ndogo tu ya protini inayoondoka. Mimi siyamwagi maji hayo, lakini sababu yangu ni hizo vitamini.

Sasa tazama mkanganyiko unakotokea. Majedwali ya lishe yanaonyesha kwamba gramu 100 za spinachi mbichi zina protini gramu 2.9 hivi, na gramu 100 za spinachi iliyochemshwa na kuchujwa zina karibu gramu 3. Kwa mizani, basi, hakuna tofauti ya maana. Lakini majedwali hayo hayo yakipima kwa kikombe, kikombe cha spinachi mbichi huwa na uzito wa gramu 30 na protini isiyofika gramu 1, ilhali kikombe cha iliyopikwa huwa na gramu 180 na protini zaidi ya gramu 5. Msomaji anayeona safu ya kikombe peke yake huamini kwamba kupika kumezidisha protini mara tano au sita. Kilichozidi ni majani yaliyoingia katika kikombe. Na kosa la pili, ambalo nimelikuta mara nyingi zaidi kwa akina mama wanaofuata maelezo ya lishe kwenye simu, ni kuchukua ile hesabu ya kikombe kilichopikwa na kuitumia kwa kikombe cha majani mabichi kabla ya kuyatia sufuriani. Mtoto huandikiwa gramu 5 na sahani yake ikapata chini ya gramu 1.

Mchicha wetu una protini kidogo kuliko spinachi, kama gramu 2.5 kwa gramu 100 mbichi, na mabua yana kidogo kuliko majani. Nitaifuata sufuria moja tangu mwanzo, kama ninavyopika nyumbani. Nikishachambua na kutupa mabua magumu, ninapima gramu 500 za majani na vikonyo laini. Hesabu ya protini ninaifanya hapo hapo, kabla ya moto: gramu 500 mara 2.5 kwa kila 100 ni gramu 12.5 kwa sufuria nzima. Nambari hiyo haitabadilika isipokuwa niongeze kitu chenye protini. Ninayaosha na kuyatia yakiwa bado yanadondosha maji katika sufuria pana, ukufi baada ya ukufi, bila maji mengine, na chumvi ninaitia mwishoni. Kwanza sufuria hutulia, kisha maji ya kijani huonekana pembeni, halafu ninafunua kifuniko ili yakauke.

Hapa ndipo mpishi anapoamua kijiko kitakuwa na nini. Nikiipua mapema, maji yakiwa bado yanazunguka majani, sufuria hubaki na kama gramu 450. Kijiko changu cha kupakulia, kikijazwa vizuri, kinachukua kama gramu 40, basi napata vijiko 11, na kila kijiko kina protini gramu 1.1. Nikiacha mpaka mwiko ukipita chini uache njia isiyojaa maji tena, uzito hushuka hadi karibu gramu 340, vijiko huwa 8 na kitu, na kila kimoja kina karibu gramu 1.5. Kijiko hicho hicho kingechukua majani mabichi yaliyokatwakatwa kama gramu 8 tu, yenye protini gramu 0.2. Kwa hiyo kutoka ubichi hadi ukavu wa namna hiyo, protini ya kijiko imepanda kama mara saba, na katika sufuria nzima haikuongezeka hata chembe. Anayekula vijiko vichache ndiye anayefaidika na kukausha. Familia inayoimaliza sufuria yote inapata gramu 12.5 zile zile, mchicha ukiwa mkavu au ukiwa na maji.

Tui ndilo linalobadilisha habari katika jikoni za pwani. Tuseme mchicha umeshakauka na kubaki gramu 340, kisha nikatia gramu 200 za tui, nikaacha lipungue kidogo mpaka chakula kiwe kama gramu 480, yaani vijiko 12. Tui zito la kwanza, lile la kasimile, lina protini kama gramu 2 kwa gramu 100, hivyo limeongeza gramu 4, na kila kijiko kina gramu 1.4 hivi. Ni karibu sawa na mchicha mkavu, ila sasa kijiko kimebeba mafuta pia, gramu 3 au zaidi, ambayo kwa mtoto mdogo anayehitaji nguvu ni jambo jema na kwa mtu mzima anayepunguza uzito ni jambo la kuhesabiwa. Nikitumia tui la pili au la tatu, ambalo sehemu yake kubwa ni maji, protini inayoongezeka ni ndogo sana na kijiko hushuka hadi kama gramu 1.1. Kitunguu na nyanya hufanya vivyo hivyo: huongeza ladha na uzito, huongeza protini kidogo mno. Ukitaka kujua kama mchicha wako umezimuliwa, upakue sahanini na usubiri kidogo. Maji yakitengeneza kidimbwi pembeni mwa wali, kijiko chako kilikuwa na mchuzi mwingi kuliko majani.

Jirani yangu mmoja aliniuliza siku moja, "Dada, huyu mtoto amekula vijiko vitatu vya mchicha wa nazi na wali, si protini imemtosha?" Mtoto wake ana umri wa miaka miwili na kitu. Mtoto wa umri huo anahitaji protini kama gramu 11 hadi 13 kwa siku. Vijiko vitatu vilivyojazwa kama changu vingempa gramu 4 na kidogo, lakini kijiko chake kilikuwa kile cha chai, ambacho hakifikii hata robo ya changu, kwa hiyo alikuwa amepata gramu 1 hivi. Nilimwomba asimwongezee mchicha. Hata mchicha uliokaushwa vizuri bado una maji zaidi ya asilimia 80, na tumbo la mtoto litajaa kabla hajafika mbali. Nilimshauri achukue kunde zilizochemshwa zikaiva, ambazo zina protini karibu gramu 8 kwa gramu 100, aziponde na kuzichanganya na mchicha ule ule wa nazi. Kijiko cha gramu 40 cha kunde kina gramu 3, yaani kama vijiko viwili vya mchicha mkavu, na mtoto aliyezoea ladha ya nazi huzila bila ubishi. Siku yenye samaki hesabu huwa nyepesi zaidi, kwani samaki aliyepikwa ana protini gramu 20 na zaidi kwa gramu 100, na kipande kidogo kilichotolewa miiba kwa uangalifu hufanya kazi kubwa.

Kisamvu hakifuati mwendo huu na ni vizuri kisihesabiwe kama mchicha. Majani mabichi ya muhogo yana protini nyingi zaidi, karibu gramu 7 kwa gramu 100, lakini kinu kimeshayanyweza kabla ya moto: kutwanga kumezivunja seli na kutoa hewa, ndiyo maana kisamvu hakipungui sana machoni kikiwa sufuriani. Hukinzana na mchicha kwa upande wa maji pia, kwa sababu kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu, kikiwa wazi, ili sumu ya sayanidi iondoke, na katika muda huo mpishi huongeza maji, kisha tui. Usikikatize kwa kutafuta kijiko kizito. Pima majani kabla ya kutwanga, uhesabu protini ya sufuria nzima, kisha uhesabu vijiko wakati wa kupakua.

Asiye na mizani anaweza kufanya hesabu hii kwa fungu. Muuza mboga mwenye mizani atakupimia fungu moja ukimwomba. Likishachambuliwa, kwa kawaida sehemu nzuri ya uzito huo huishia kwenye mabua, kwa hiyo pima tena majani pekee kwa jirani au dukani, na uandike jibu hilo mahali jikoni. Baada ya hapo unachohitaji kuhesabu kila siku ni mafungu yaliyoingia sufuriani na vijiko vilivyotoka.